Bei ya Mwaka wa Pili

Chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa tatu kuna chumba ambacho mwenye jengo alikikusudia kiwe stoo ya mafagio. Dari lake limelala kufuata ngazi, kwa hiyo kila anayeingia huinamisha kichwa, hata mwenye kiburi. Humo ndimo anamofanyia kazi mwanamke ambaye majirani wote humwita Mama Waya. Hana mtoto anayeitwa Waya, wala hana mtoto yeyote. Jina limetokana na nyaya anazojitundika shingoni anapotafuta ile inayofaa, halafu anasahau kuzivua na kwenda nazo hadi sokoni, akiulizwa bei ya vitunguu anajibu kuhusu chaja.

Anatengeneza kompyuta. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kupimia viwanja, mwenye vidole vyepesi na mgongo ulionyooka. Ofisi ilipoleta kompyuta na kuwapunguza wapiga chapa, wenzake walilia. Yeye naye alilia, kisha akaomba apewe mashine moja iliyokufa mapema na kutupwa kwenye korido. Aliibeba nyumbani ndani ya shuka.

"Nilitaka kumwona aliyenifukuza kazi ana nini tumboni," husema hadi leo.

Alikuta vumbi, feni ndogo, na waya mmoja uliochomoka. Akaurudisha mahali pake. Mashine ikawaka, ikamtazama kwa mwanga wake wa buluu, na kuanzia hapo hawakuachana.

Mafundi wapo wengi, na wapo wanaomzidi ujuzi. Watu wanamfuata Mama Waya kwa jambo jingine: hutaja bei kabla ya kushika bisibisi, na akishaitaja haigeuki. Akiikuta kompyuta imeharibika kuliko alivyodhani, hasara ni yake. "Neno limetoka, limetoka," husema, na kuendelea kufungua skrubu. Hana bango nje, hana kadi za kugawa. Ana neno lake tu, na katika mtaa ambako kila mtu amewahi kulizwa na fundi fulani, neno kama hilo ni mtaji.

Aliyemlea ni shangazi yake, mdogo wa baba yake, mkunga mstaafu mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Mama yake alipofariki yeye akiwa bado mdogo, shangazi alikuja kuhani na hakurudi peke yake. Walilala kitanda kimoja mpaka mtoto alipoanza kupiga mateke. Siku hizi kila mmoja ana kwake, ila shangazi akiumwa jino au kompyuta yake ikigoma, ni mlango uleule anaobisha.

Kompyuta hiyo shangazi aliinunua baada ya kustaafu. Chama cha wakunga wastaafu kilimchagua katibu, naye hakutaka kuandika kumbukumbu za mikutano kwa mkono kama watoto wa shule. Mwaka jana alikwenda kuchapa kumbukumbu hizo kwenye duka la kutoa nakala, akachomeka flashi yake kwenye mashine ya hapo, na aliporudi nyumbani mafaili yote yalikuwa yamegeuka vijialama vya mshale visivyofunguka.

"Imeambukizwa," alisema Mama Waya siku hiyo. "Flashi za madukani ni kama taulo la nyumba ya wageni. Huwezi kujua lilimfuta nani."

Alisafisha, akayaokoa mafaili, kisha akapendekeza wanunue antivairasi, kinga ya kulipia, moja kwa moja mtandaoni. Shangazi alitoa kadi yake ya benki, akasoma tarakimu kwa sauti, mpwa wake akazigonga. Kampuni ilitaka barua pepe, na shangazi hakuwa nayo. Mama Waya akamfungulia papo hapo, kama anavyowafungulia wateja wake wote wasio nayo: jina la mteja, neno la siri la kubuni, mambo yakaisha. Ni kazi ya dakika chache, hata haitozi.

"Na hii ni shilingi ngapi kwa mwaka?" shangazi aliuliza.

Mama Waya aliitazama bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa katikati ya skrini. Akaisoma.

"Kila mwaka hivyo?"

"Kila mwaka hivyo."

Mwaka ukapita, kama inavyopita miaka ya watu waliokwisha kuzoeana.

Asubuhi moja shangazi alikuja bila kupiga simu. Aliinama chini ya dari, akaweka kompyuta mezani juu ya vumbi la skrubu, na alipopewa kiti hakukikalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa bapa. "Benki wamenitumia ujumbe. Ile kinga yako imekula pesa kwenye kadi."

"Ah, mwaka umefika. Inajilipa yenyewe."

"Najua kujilipa. Nakuuliza imejilipa nini." Akamsogezea simu.

Mama Waya alivaa miwani. Pesa iliyokatwa ilikuwa mara tatu na ushei ya ile aliyoisema mwaka jana. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Tarakimu hazikupungua.

"Sikuja kukugombeza," shangazi alisema. "Nimekuja kuuliza. Uliniambia kila mwaka hivyo. Kadi niliishika mimi, namba ulizigonga wewe, na kompyuta hii haiguswi na mwingine. Nikawasimulia wenzangu kwenye chama, wakatazamana. Mmoja akasema, watoto wa siku hizi, hata wa kulea. Nikamwambia afunge mdomo wake. Lakini usiku, mwanangu, nilipolala, nilikuwa nalifikiria neno lake mimi mwenyewe."

Ingekuwa afadhali amgombeze. Mgombezi humwaga hasira yake, ikaisha. Shangazi hakumwaga kitu. Alikuwa amesimama pale amebeba shaka lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu cha maji ya moto na hajui pa kukitua, na Mama Waya aliona kwamba asipompokea vizuri, miaka yote ile, kitanda kimoja, uji wa alfajiri, mkono juu ya paji la uso wakati wa homa, vyote vingebaki kuwa historia ya watu wawili waliowahi kuaminiana.

"Kaa, Shangazi," alisema. "Tutazame wote."

Shangazi alikaa, ila ukingoni.

Mama Waya alifungua kwanza ile barua pepe aliyoibuni mwenyewe mwaka jana. Ilimchukua muda kukumbuka neno la siri. Lilipokubali, barua zilishuka moja juu ya nyingine, zote nyeusi nyeusi kwa kutosomwa. Karibu, jaribu hiki, nunua na kile. Na katikati yao, iliyoletwa mwezi mmoja kabla ya benki kukata pesa, barua moja fupi: usajili wako utajihuisha tarehe fulani, kwa bei fulani. Bei ilikuwa ileile ya kwenye simu. Chini yake maelezo ya namna ya kuzuia, kwa asiyetaka kuendelea.

"Waliandika," alisema polepole.

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Mbona sikuiona?"

"Kwa sababu barua pepe hii nilikufungulia mimi, sikukuonyesha mlango wake, na sikukupa ufunguo. Wamekuja kubisha nyumba isiyo na mtu."

Aliendelea. Akatafuta risiti ya mwaka jana, akaifungua, na ukurasa wa kununulia ambao bado uko vilevile kwa wateja wapya. Bei kubwa katikati. Juu yake bei nyingine iliyopigwa mstari. Na chini, kwa maandishi membamba ya kijivu, kama yameandikwa na mtu anayetaka na asiyetaka kusomwa: bei ya mwaka wa kwanza pekee, baada ya hapo usajili hujihuisha kwa bei ya kawaida. Bei ya kawaida ndiyo ile iliyopigwa mstari.

Akaiwekea kidole. Shangazi akainama karibu, akasoma kwa midomo.

"Kwa hiyo hii waliyoikata si kwamba wamepandisha," alisema.

"Hapana. Hii ndiyo bei yao. Ile ya mwaka jana ndiyo ilikuwa imeshushwa."

Mlangoni palikuwa pametanda kivuli. Ni fundi viatu wa kwenye korido, anayeitwa Gundi, ambaye akisikia watu wanazungumza kwa sauti ya chini husogea kwa sababu ya sauti ya chini hiyohiyo.

"Washushe bei ili iwaje?" aliuliza. "Mimi nikishusha bei ya kushona soli, nalala na njaa."

"Wewe mteja wako akishaondoka na kiatu, umeachana naye," Mama Waya alisema. "Hawa ni kila mwaka. Kumpata mtu mpya ni ghali: matangazo, na washindani wako wengi, na kila mmoja anaita njoo kwangu. Basi mwaka wa kwanza wanakubali kupata kidogo, au hata hasara. Wanajua ukishaiweka hutahangaika kuitoa. Kadi yako wanayo, mashine inakata yenyewe, na watu wengi hawakumbuki. Mwaka wa pili na wa tatu ndipo wanaporudisha."

Gundi alicheka kwa pua. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Wewe nawe," shangazi alisema bila kugeuka. "Mgeni hupewa jembe akiwa macho. Huku wamemfunga jembe mkononi amelala, akaamka yuko shambani."

"Haki ya Mungu, Bibi, hapo umenena."

"Rudi kwenye viatu vyako."

Gundi alirudi, lakini hakwenda mbali.

Shangazi alimgeukia mpwa wake. Uso haukuwa mkali tena, ila haukuwa umefunguka. "Sawa. Kampuni iliandika kwa herufi ndogo. Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema kila mwaka."

"Uliyaona haya ya chini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabla ya kujibu. Alijaribu kuurudisha mchana ule wa mwaka jana: shangazi akisoma tarakimu, yeye akigonga, furaha ya mafaili yaliyookolewa. Alikumbuka kwamba chini ya bei palikuwa na kitu cha kijivu. Hakukumbuka kukisoma.

"Niliona kuwa yapo," alisema. "Sikuyasoma. Kwangu bei ni bei, nikaona na kwao ni hivyo. Nikakupa neno langu juu ya kitu ambacho si changu."

Kwa mbali nyundo ya Gundi iligonga mara moja, ikanyamaza, kana kwamba nayo inasikiliza.

"Itarudi hiyo pesa?" hatimaye aliuliza.

"Ngoja tuwaulize."

Kwenye tovuti ya kampuni palikuwa na kidirisha cha mazungumzo. Kwanza ilijibu mashine, yenye adabu nyingi na msaada mdogo. Mama Waya aliandika mara kadhaa kwamba anataka kuzungumza na mtu, mpaka mtu akaja. Aliandika kwa niaba ya mwenye akaunti aliyekaa pembeni yake, akisoma kila mstari kwa sauti ili shangazi asikie.

Yule wa kampuni alisema anasikitika. Alieleza kwamba bei ya mwanzo ni ya kuwakaribisha wateja wapya, na bei ya kuhuisha ndiyo ya kawaida, na taarifa ilitumwa. Kisha, kabla hajaombwa, akasema kwamba kwa kuwa wao ni wateja wa thamani, angeweza kuwapunguzia nusu mwaka huu kama wangebaki.

Shangazi alinyanyua kidole. "Ngoja. Mwaka jana bei ilikuwa ya chini. Juzi wamekata ya juu. Sasa wanatoa ya kati. Muulize, bei hasa ni ipi?"

"Shangazi, hilo siwezi kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bei ni ile mteja atakayoivumilia. Anayenyamaza analipa ya juu. Anayelalamika anapewa ya kati. Mgeni anapewa ya chini."

"Kwa hiyo mimi niliyekaa nao kwa heshima mwaka mzima ndiye mjinga wao."

"Ndivyo walivyopanga."

Shangazi aliangalia dari lililolala. Alikuwa ameishi maisha marefu kati ya wanawake waliolia na wanawake waliouma meno, na labda alikuwa anafikiria nani kati yao alihudumiwa kwanza. "Sitaki nusu yao," alisema. "Mwambie arudishe."

Mama Waya aliandika. Masharti yao wenyewe yaliruhusu: malipo ya kuhuisha yanaweza kudaiwa ndani ya muda fulani tangu yakatwe, na muda haujaisha. Yule wa kampuni alijaribu mara moja zaidi, kwa upole, akataja hatari za mtandaoni. Kisha akakubali. Pesa ingerudi kwenye kadi baada ya siku kadhaa za kazi, na kinga ingezimika leo hii.

"Na nikibaki bila kinga?"

"Kompyuta yako ilikuja na kinga yake ya ndani. Ilikuwa imejiweka pembeni kwa sababu hii ilikuwepo. Nikiiondoa hii, ile inaamka. Si mbaya, mradi uache kuchomeka flashi kwa kila anayekuita." Alifungua mipangilio ya akaunti, akamwonyesha kitufe cha kujihuisha. Kilikuwa kimewashwa, na hakuna aliyewahi kukiwasha. "Kinakuja hivi. Ukinunua, kimeshawashwa. Mtu angekizima hata siku ileile ya kununua, na bado angetumia mwaka wake wote aliolipia."

Akakizima. Akaiondoa kadi. Shangazi aliangalia kila hatua, macho yakifuata kidole, na ilipokwisha alifunga kompyuta mwenyewe.

"Haya," alisema. "Tutaona kama itarudi."

Hakusema nimekuelewa. Hakusema yameisha. Aliinama chini ya dari, akatoka, na viatu vyake vikasikika kwenye korido mpaka mwisho.

"Ameondoka vizuri," Gundi alisema kutoka nje.

"Ameondoka," Mama Waya alijibu.

Siku zile za kungojea alifanya kazi polepole kuliko kawaida. Alikuwa anafikiria wengine: mwalimu wa piano wa mtaa wa pili, mwenye duka la miwani, mume na mke wanaofuga kuku, wote aliowawekea kinga ileile, wote kwa barua pepe alizobuni yeye, wote akiwa amewaambia kila mwaka hivyo. Mwaka wa baadhi yao ulikuwa haujafika. Angeweza kuacha ufike. Alipiga simu, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu wa piano alimshukuru, akaja kuzima kitufe chake. Wafuga kuku walisema watabaki, wao wanajua kuku, hawajui kuzima kitu. Mwenye duka la miwani alikuwa ameshakatwa na muda wa kudai umepita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti tulivu, "Kumbe na wewe," akakata. Hajarudi tangu hapo, na kompyuta yake inaonekana kwa fundi mwingine, dirishani, kila Mama Waya anapopita.

Aliumia kwa hilo, lakini si kama alivyoumia kwa kimya cha shangazi. Walizoea kupigiana simu kila jioni bila sababu: umekula, nimekula, basi lala salama. Jioni zile simu haikulia, naye hakuipiga. Aliogopa kusikika kama mtu anayeulizia pesa.

Shangazi alikuja mwenyewe, adhuhuri, akiwa na kompyuta kwapani. Safari hii alikaa kitini sawasawa.

"Imerudi," alisema.

"Yote?"

"Yote." Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja magotini. "Nimewaambia wenzangu. Nikawaonyesha na ujumbe wa benki. Yule aliyesema watoto wa kulea, naye kumbe anakatwa na kampuni nyingine, ya kuficha anwani ya mtandao, hata hakumbuki kwa nini aliinunua. Nimemwambia aje kwako. Usimtoze kidogo."

Mama Waya alicheka, na kicheko kikamtoka na kitu kingine ambacho alikigeuzia mgongo, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Acha bisibisi, nitazame," shangazi alisema. "Nilikuwa nakuamini kama mtoto anavyoamini titi. Hajui limetoka wapi, halimhusu. Si kosa lako peke yako. Ni mimi niliyetaka nisijue. Ukiniambia bei, nafumba macho. Ukiniambia imepona, nafumba macho. Halafu nikipata shaka, sina pa kulishika, nakushika wewe."

"Shangazi..."

"Sijamaliza. Ile nyumba ya barua uliyonijengea, nataka ufunguo. Unifundishe kuifungua, kuzisoma, na kuzifuta za upuuzi. Na lile neno la siri ulilobuni, tulibadilishe."

"Tuweke lipi?"

Shangazi aliivuta kompyuta upande wake, akaifungua, akaviringisha mabega kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuingia wodini. Mama Waya alimsogezea ukurasa unaohitajika, akamwonyesha kisanduku cha kuandikia neno jipya na kile cha kulirudia.

"Hapa?"

"Hapo. Halafu tena hapo chini, lilelile."

"Sawa," shangazi alisema. "Geukia ukutani."

Mama Waya alimtazama. Uso wa mkunga haukuwa na mzaha, lakini haukuwa na ubaridi pia. Ulikuwa uso uleule uliowahi kumwambia, akiwa mdogo, kwamba sasa atavuka barabara bila kushikwa mkono.

Aligeuka. Mbele yake palikuwa na ukuta wenye rangi iliyobanduka na misumari ya nyaya. Nyuma yake alisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, kikigonga, kikisimama, kikitafuta tena, taratibu, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka yoyote.

"Usichungulie," shangazi alisema.

"Sichungulii."